Kodi ya awamu kwa mkufunzi wa kujitegemea: fedha nyingi zinapoingia Desemba

Anayeishi kwa kazi za mkataba Mtwara na Lindi anajua kwamba fedha hazigawanyiki sawasawa katika mwaka. Minada ya korosho ikianza Oktoba, vyama vikuu vya ushirika na vyama vya msingi, yaani AMCOS, hupata fedha, na ndipo mikataba ya mafunzo, ukaguzi wa vitabu na ushauri inapolipwa. Kalenda ya kodi haingoji minada. Kwa anayefuata mwaka wa kawaida, malipo ya awamu ya kodi ya mapato yana tarehe nne: 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba.

Wengi hukwama kwa sababu wanachukua kadirio la kodi ya mwaka walilotoa Machi, wanaligawa kwa nne, wanalipa robo hadi mwisho wa mwaka bila kuligusa tena. Sheria haikudai hivyo. Kadirio linaweza kurekebishwa katikati ya mwaka, na kila awamu hukokotolewa upya: chukua kodi unayokadiria kwa mwaka mzima, toa kodi ya mwaka huo uliyokwisha kulipa pamoja na kodi ya zuio uliyokwisha kukatwa na wanaokulipa, kisha gawa kwa idadi ya awamu zilizobaki, ukiihesabu na hii unayolipa sasa. Machi unagawa kwa nne, Juni kwa tatu, Septemba kwa mbili. Desemba hakuna cha kugawa; kilichobaki kinalipwa chote.

Tuchukue mfano wa mkufunzi wa Masasi, tumwite Bi Somoe, anayewafundisha viongozi wa AMCOS utunzaji wa hesabu na utaratibu wa stakabadhi ghalani. Mfano ni wa kubuni, ila kanuni ni zile zile. Huduma za mafunzo, kama zilivyo za kitaalamu na kiufundi, hazimo katika ule utaratibu rahisi wa kutoza kodi kwa kuangalia mauzo tu. Kwa hiyo Bi Somoe hutunza hesabu na kodi yake hutozwa kwenye faida, yaani mapato ukiondoa gharama za kazi. Kila chama kinapomlipa humkata asilimia 5 kama kodi ya zuio. Kiasi hicho si kodi ya mwisho. Ni sehemu ya kodi yake ya mwaka iliyotangulia kulipwa.

Machi anakadiria faida ya mwaka kuwa 9,120,000. Kwa viwango vya mtu binafsi Tanzania Bara, 3,240,000 za kwanza hazina kodi, 3,000,000 zinazofuata ni asilimia 8, na 2,880,000 zinazobaki ni asilimia 20. Kodi inakuwa 816,000. Hadi siku hiyo amepokea kazi za 2,000,000 na amekatwa 100,000. Anatoa 100,000 kwenye 816,000, anagawa kwa nne, analipa 179,000.

Kuanzia Aprili hadi Juni hapati kitu. Wakulima wako shambani, na mkataba mmoja aliotegemea umefutwa. Hapa ndipo wengi hujikamua kulipa kiasi kile kile cha Machi, au huacha kabisa kulipa. Bi Somoe anawasilisha kadirio jipya: faida 7,440,000, kodi 480,000. Amekwisha kulipa na kukatwa 279,000. Zinabaki 201,000, akigawa kwa tatu, analipa 67,000.

Julai hadi Septemba anapokea 2,400,000 na kukatwa 120,000. Jumla aliyokwisha toa ni 466,000, na kadirio bado ni 480,000. Zinabaki 14,000, kwa hiyo awamu ya Septemba ni 7,000 tu. Ni sahihi kabisa, mradi kweli hajui kazi nyingine inayokuja.

Kisha msimu unafunguka. Oktoba hadi Desemba anapokea 14,000,000 na kukatwa 700,000. Mapato ya mwaka yamefika 18,400,000. Gharama za usafiri, vitini, kumbi na wasaidizi, zote zenye risiti, ni 5,400,000. Faida ni 13,000,000. Sasa anaingia hadi daraja la juu, ambako kila shilingi iliyozidi milioni 12 inatozwa asilimia 30, na kodi ya mwaka ni 1,836,000.

Asiporekebisha kadirio, hesabu itamdanganya. Kadirio la zamani ni 480,000, naye amekwisha kulipa na kukatwa 1,173,000, hivyo ataona hadaiwi hata senti. Akirekebisha, anaona ukweli: 1,836,000 kutoa 1,173,000 ni 663,000, za kulipwa yote kufikia 31 Desemba. Deni hili lisipolipwa kwa wakati huanza kuzaa riba inayolimbikizwa kila mwezi, na kadirio lililoachwa chini mno ya kodi halisi nalo lina riba yake. Dalili ya hatari ni rahisi kuiona: ukiona mapato ya robo moja yamezidi mapato ya miezi tisa iliyotangulia, kadirio lako limepitwa na wakati.

Zile 663,000 zinatoka kwenye zile milioni 14, sawa na takriban shilingi 47 katika kila elfu iliyoingia msimu huo. Akizitenga kila malipo yanapofika, hazitamwelemea. Akingoja wiki ya Krismasi, fedha zitakuwa zimekwenda kwenye ada za Januari na bati la nyumba.

Je, kama mikataba ya Oktoba ilikwisha sainiwa Agosti? Basi kadirio la Septemba lilipaswa kuionyesha, maana kadirio ni kauli ya unachokijua siku hiyo. Lakini kuna jambo la kuangalia. Kanuni hutoa kodi ya zuio iliyokwisha kukatwa tu, si ile itakayokatwa kesho. Kwa kodi ya 1,836,000, awamu yake ya Septemba ingekuwa 685,000, na baada ya zuio la msimu angejikuta amelipa 15,000 zaidi ya kodi ya mwaka. Hiyo haipotei, huhesabiwa anapowasilisha ritani. Ugumu ni kuzipata 685,000 kabla chama hakijamlipa. Kwa hiyo katika mkataba wa msimu, omba malipo ya awali yatakayotosha kubeba awamu hiyo. Mimi naliona hili kuwa la maana kuliko kubembeleza bei.

Jambo jingine linalowaumiza watu ni vyeti vya kodi ya zuio. Bi Somoe ana haki ya kutoa zile 700,000 kwa sababu ana cheti kwa kila makato. Bila vyeti, atadaiwa 1,363,000 badala ya 663,000, hata kama chama kilimkata kweli. Dai cheti siku unayolipwa. Katibu akishahamishwa na msimu ukifungwa, kumpata mtu wa kukitafuta ni kazi kubwa.

Na malipo yanayoingia Januari kwa kazi ya Desemba? Mtu binafsi anayetunza hesabu kwa msingi wa fedha zilizopokelewa atayaweka kwenye mwaka mpya, pamoja na zuio lake. Asichanganye: msingi aliouchagua aufuate mwaka hadi mwaka.

Baada ya hapo inabaki ritani ya mwaka, ndani ya miezi sita baada ya mwaka kwisha, yaani hadi 30 Juni. Kwa Bi Somoe itakuwa kazi ya kuthibitisha tu: faida 13,000,000, kodi 1,836,000, zuio 920,000, awamu 916,000, salio sifuri.