Je, wajua? Debit kwenye stetimenti siyo deni lako

"Shangazi yuko Maskati, maneno ya benki anayaelewa kwa Kiarabu tu. Nimweleze vipi Balance, Debit na Standing Order za skrinshoti hii bila kugusa namba?"

Tuanze na Debit maana hapo ndo wengi tunateleza, hata mimi nilikuwa naitafsiri kuwa deni. Kwa Kiarabu ni مدين, inasomwa madiin, mzizi mmoja na neno letu deni, kwa hiyo ukimtumia shangazi neno hilo peke yake anaweza kudhani benki inakudai na akapata presha bure.

Kumbe stetimenti ni daftari la benki, siyo lako. Chukulia unamwachia hela mwenye duka pale Ngamiani akutunzie. Ukimpa laki, yeye ndo anadaiwa na wewe, basi kwenye daftari lake wewe ni دائن, daain, yaani mwenye kudai. Ukirudi ukachukua elfu ishirini, deni lake kwako limepungua, kwa hiyo anaiandika upande wa pili, madiin. Ni hela yako ileile, imetoka tu. Ndo maana mimi pembeni ya مدين huwa naongeza خصم من الحساب, imekatwa kwenye akaunti, na hofu inaisha.

Sasa tuseme skrinshoti inaanza na TZS 900,000.00, halafu tarehe 5 kuna Standing Order, Debit 150,000.00, Balance 750,000.00. Balance andika رصيد, rasiid, yaani salio. Usiandike ميزان kwa sababu tu balance ni mizani, hiyo ni ya kupimia samaki. Standing Order ni أمر دائم, amr daaim, na mtu wa Tanga anaisikia palepale: amri ya daima. Mwenye akaunti ameiagiza benki ilipe kiasi kilekile tarehe ileile, kwa mfano kodi ya nyumba, mpaka aifute mwenyewe. Siku hiyo salio likiwa halitoshi malipo kwa kawaida hayaendi, na kuna benki zinakata ada juu yake.

Namba ziache kama zilivyo kwenye skrini, na TZS yake, mkato wake na sifuri zake mbili. Riali ya Omani ina baisa 1,000, kwa hiyo kule wanaandika tarakimu tatu baada ya nukta, ukiandika 150.000 shangazi atasoma mia na hamsini tu. Na tarakimu za Kiarabu usizijaribu kama huna uzoefu nazo: 150 inakuwa ١٥٠, ile tano ya katikati ina umbo la sifuri yetu, na sifuri yenyewe ni kitone tu, kwenye picha iliyofifia hata hakionekani.