Tone nene la malaria siku ya mtihani wa labo

Mwalimu, niko mwaka wa pili wa labo hapa Bukavu. Kwenye mtihani nilifuata karatasi ya hatua yote, lakini tone langu nene halikusomeka. Chembe nyekundu zilijaa kila mahali. Nilikosea wapi?

Damu yako ilikazwa kwenye kioo kabla ya kutiwa rangi. Tone jembamba hukazwa kwa methanoli, tone nene halikazwi kamwe. Maji yaliyomo kwenye rangi ya Giemsa ndiyo yanayopasua chembe nyekundu za tone nene, zikabaki chembe nyeupe na vimelea juu ya mandhari safi. Damu ikishakazwa, chembe hazipasuki tena, nazo zimerundikana tabaka juu ya tabaka, basi kimelea utakitafutia wapi?

Mara nyingi chanzo ni haraka. Msimu wa mvua hapa kwetu tone huchelewa kukauka, na mwanafunzi akiona saa inakwenda hukisogeza kioo kwenye taa ya moto. Joto hukaza damu sawasawa na methanoli. Laza kioo, kiache kikauke kwa hewa, ukikinga na nzi (wanakula damu hiyo, msicheke).

Chanzo cha pili ni matone mawili kuwa kwenye kioo kimoja. Ukikaza lile jembamba, inamisha kioo upande wake uwe chini, methanoli isipande kwenye nene. Hatua hii karatasi nyingi huiandika kwa mstari mmoja tu.

Kagua pia unene. Tandaza damu kwa kona ya kioo kingine, duara la milimita 10 hadi 12, kisha weka kioo juu ya gazeti: herufi zionekane kwa shida kidogo. Likiwa nene kupita hapo, hubanduka wakati wa kuosha.

Kufuta tone la kwanza ni lazima, ama ni desturi tu?

Ni lazima. Tone hilo lina majimaji ya ngozi na mabaki ya spiriti. Kwa sababu hiyohiyo, subiri kidole kikauke kabla ya kuchoma. Lanseti iende moja kwa moja kwenye boksi la vyenye ncha. Ukiiacha mezani, watahini wengi hawasamehe.

Nikishahesabu, naandika nini?

Tuseme umehesabu chembe nyeupe 200 ukakuta vimelea 120. Zidisha 120 kwa 8,000, gawanya kwa 200: vimelea 4,800 kwa kila mikrolita. Vimelea vikiwa chini ya 100, endelea mpaka chembe nyeupe 500, na hapo ugawanye kwa 500. Hiyo 8,000 ni makadirio ya chembe nyeupe kwa kila mikrolita ya damu. Kama mgonjwa amepimwa idadi ya chembe zake nyeupe, tumia yake. Na usiandike «hakuna vimelea» kabla ya kupitia uwanja 100 kwa lenzi ya mafuta.