Mdogo wangu, laki saba si pesa ya kulala kwenye simu

Mdogo wangu,

Hizo laki saba ulizoziweka kwenye simu hazizai kitu, na siku ya kuzitoa utakatwa ada ya wakala pamoja na kodi ya asilimia 0.5. Nimezisoma hoja zako kuhusu dhamana za serikali za muda mfupi, yaani kuikopesha serikali pesa yako kwa muda usiozidi mwaka. Nakujibu.

"Hizo ni za matajiri." Si kweli. Benki Kuu ya Uganda hupokea kuanzia shilingi 100,000. Muda ni siku 91, 182 au 364. Nenda benki uliko na akaunti, ubebe kitambulisho cha taifa, uombe kufunguliwa akaunti ya CSD. Huko ndiko dhamana zako zitakakoandikwa kwa jina lako. Dhamana hizi huuzwa kwa mnada, kwa hiyo kwenye fomu ya zabuni chagua ile isiyoshindania bei, yaani unakubali riba itakayotoka mnadani. Ukijitia kushindana ukataja riba ya juu, unaweza kukosa kabisa. Na pesa iwe imeshaingia kwenye akaunti kabla ya mnada, la sivyo zabuni yako haiendi popote.

"Riba nitakuwa naila kila mwezi." Hapana. Hapa unanunua kwa bei pungufu, kisha unalipwa bei kamili mwishoni. Tuseme riba ya mwaka imetoka asilimia 15 (hubadilika kila mnada). Dhamana ya shilingi 500,000 ya siku 364 utaipata kwa kama 435,000. Faida ni hiyo 65,000 iliyopungua.

"Kodi itamaliza yote." Kodi ni asilimia 20 ya faida tu, mtaji hauguswi. Kwenye 65,000 inaondoka 13,000, unabaki na 52,000. Mimi kodi hainitishi; kinachonitisha ni ada ya benki. Benki ikikutoza, tuseme, 20,000 kila ununuzi, faida inashuka hadi 32,000. Ukinunua za siku 91 mara nne kwa mwaka, ada hiyo hiyo inafika 80,000, na hapo umepata hasara kwenye kitu kinachoitwa salama. Kwa mtaji mdogo, nunua ya siku 364 mara moja. Ada uiulize kabla ya kuweka sahihi, kwa maana benki hazilingani.

"Zikiingia huko zimefungwa." Unaweza kuuza kabla ya siku, kupitia benki hiyo hiyo, lakini kwa bei ya kukuumiza. Kwa hiyo usiziingize zote. Zile 265,000 zitakazobaki ndizo za ugonjwa na kodi ya nyumba.

Siku ikifika, pesa hurudi kwenye akaunti yako ya kawaida na kuanza kuliwa na makato ya mwezi, isipokuwa umeagiza mapema zinunuliwe tena. Andika tarehe hiyo kwenye simu sasa hivi. Na wakikupa karatasi ya ada, nipigie picha unitumie kabla hujasaini.

Dada yako