Je, Wajua? Kwa Nini Jaribio la Lugha za Upendo Humpatia Karibu Kila Mtu "Lugha Kuu"

Mume mmoja aliuliza: "Tumejaza lile jaribio la lugha za upendo. Mke wangu lugha yake imetokea kuwa kuguswa, yangu kusaidiwa kazi. Je, ndiyo sababu hatuelewani?"

Karatasi hiyo haiwezi kuthibitisha jambo hilo. Mimi mwenyewe niliamini kwa miaka kadhaa kwamba kila mtu ana lugha yake moja, na kwamba ndoa huyumba pale wawili wanapozungumza lugha tofauti. Nilibadili mawazo nilipokaa kuhesabu jinsi alama za jaribio lile zinavyopatikana.

Nadharia yenyewe ilitolewa na Gary Chapman, mchungaji wa Kibaptisti wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1992. Alitaja njia 5 za kuonyesha upendo: maneno mazuri, muda wa pamoja, zawadi, kusaidiana kazi na kuguswa. Msingi wake ulikuwa yale aliyoyasikia akiwashauri wanandoa, na utafiti wa kupima madai hayo ulikuja baadaye.

Jaribio linalotumika sana lina jozi 30 za sentensi, na katika kila jozi ni lazima uchague moja. Kila lugha hujitokeza mara 12, na jumla ya alama zako ni 30, upende usipende. Tuchukue mfano wa mke aliyepata 8 kwa kuguswa, 7 kwa muda, 6 kwa maneno, 5 kwa kazi na 4 kwa zawadi. Ataambiwa kwamba lugha yake kuu ni kuguswa. Lakini alama hizohizo angeweza kuzipata mtu anayeyathamini yote matano kupita kiasi, na vilevile mtu ambaye hakuna hata moja linalomgusa moyo sana, mradi tu wote wawili wachague sentensi zilezile. Jaribio huona mpangilio, halioni kiasi.

Ni kama kumuuliza mtu mara 30: ugali au maharage, maharage au mchicha, mchicha au maji, na kuendelea hivyo bila kumruhusu kujibu "vyote". Mwishoni ugali unaweza kupata alama 12 na maji 3. Ukitangaza kwamba chakula chake kikuu ni ugali, hujakosea sana. Ila ukimnyima maji kwa sababu yalishika mkia, utamdhuru. Aliyapa alama chache kwa kuwa ulimlazimisha kuchagua, na kiu yake iko palepale.

Ndiyo maana pale watu wanaporuhusiwa kukipima kila kitu peke yake, kwa mfano kwa alama 1 hadi 5, kwa kawaida huvipa vyote alama za juu. Emily Impett na wenzake wawili wa Kanada, Haeyoung Gideon Park na Amy Muise, walipitia tafiti zilizokuwapo katika makala yao ya mwaka 2024, na wakaona ushahidi wa lugha moja kuu ni dhaifu. Nao walipendekeza mfano wa mlo kamili badala ya lugha. Walionyesha pia kwamba orodha ya mambo matano inaacha nje mengine yenye uzito, kama vile kumuunga mkono mwenzako katika malengo yake binafsi na kusuluhisha migogoro vizuri.

Linabaki dai kwamba ndoa hustawi pale lugha za wawili zinapolingana, na hapa inafaa kwenda polepole, kwa sababu tafiti hazisemi kitu kimoja. Utafiti wa mwaka 2017 uliohusisha wanandoa na wapenzi jozi 67 uliliunga mkono kwa kiasi kidogo tu. Mwingine wa mwaka 2022, wenye jozi 100, ulikuta kwamba waliopendwa kwa namna waliyoipendelea waliridhika zaidi. Matokeo hayo nayachukua kwa uzito, ila yalitokana na hojaji, na hojaji haiwezi kutenganisha chanzo na matokeo: mtu mwenye furaha katika ndoa yake huona kwa urahisi kwamba mwenzake anamtimizia haja, na mwenye kinyongo huweza asikione hata kikombe cha chai alichotengewa asubuhi.

Kwa muulizaji na mkewe, ningeiweka pembeni ile karatasi ya jozi. Kila mmoja ayaandike mambo yote matano, na kando ya kila moja aweke namba mbili kati ya 1 na 5: ya kwanza, jambo hilo lina uzito gani kwake, ya pili, amelipata kiasi gani wiki iliyopita. Hicho si kipimo kilichothibitishwa kitaalamu, ni njia ya kuanzisha mazungumzo. Lakini mke akiandika 5 na 4 kwa kuguswa, kisha 5 na 1 kwa muda wa pamoja, pengo lipo kwenye muda, ingawa jaribio lilimwambia mumewe ashughulikie kuguswa.