Je, wajua kwa nini dakika 10 kwa kilomita hazitoshi Tokyo?

"Marathoni ya Tokyo ina kikomo cha saa 7. Mimi ni mkimbiaji wa polepole. Nikienda dakika 10 kila kilomita, si nitawahi?"

Utachelewa kwa dakika mbili hivi, maana marathoni ni kilomita 42.195, si 42. Na hizo mbili ndizo ndogo.

Shida kubwa ni saa inaanza kuhesabu lini. Tokyo huhesabu tangu mlio wa kuanzia, si tangu ulipovuka mstari. Wa polepole hupangwa nyuma kabisa, na umati ule hausogei haraka. Tuseme umevuka mstari dakika 25 baada ya mlio: katika dakika 420, zimebaki 395.

Pili, njia hupimwa kwa mstari mfupi kuliko yote, kona kwa kona. Wewe utakwepa watu na kufuata meza za maji, kwa hiyo miguu yako itakwenda kama kilomita 42.7. Ndiyo maana saa ya mkononi husema umemaliza wakati utepe hata hauonekani. Tenga pia dakika 10 za choo na maji. Foleni ya choo peke yake yaweza kula tano.

Halafu kuna uchovu. Baada ya kilomita 30 karibu kila mtu hupungua, basi tuuweke ndani ya hesabu badala ya kuomba usije. Kilomita 30 za mwanzo kwa dakika 8 na nusu ni dakika 255. Zile 12.7 zilizobaki, kwa dakika 9 na nusu, ni kama 121. Ongeza 10 za kusimama na zile 25 za kungoja kuvuka mstari: 411. Una akiba ya dakika tisa, na hiyo si nyingi.

Mwendo huo hauhitaji kukimbia mfululizo. Kimbia dakika mbili kwa mwendo wa 7:30, tembea kwa kasi dakika moja kwa mwendo wa 11:00. Wastani unatoka kama 8:23. Ila anza kutembea tangu kilomita ya kwanza. Anayengoja achoke kwanza hatembei tena, anajikokota.

Njiani kuna vituo vinavyofungwa kwa saa maalumu, na ukikuta kimefungwa unapandishwa basi, hata kama ungeweza kumaliza. Kwa hiyo usiandike mwendo mkononi, andika saa. Mlio ukiwa saa 3:10 asubuhi, wewe unavuka mstari saa 3:35, na kilomita ya 30 uipite karibu saa 7:57 mchana ukihesabu dakika saba za kusimama. (Saa yako itaonyesha 13:57, andika hivyo hivyo, kichwa kilichochoka hakijui kutoa sita.) Ukifika hapo saa 8:06, akiba yote imekwisha: pita meza ya maji bila kusimama.