Maini kila siku ili damu iongezeke? Tupige hesabu

Wiki hii nimelisikia tena mara mbili kwa siku moja: mjamzito ameambiwa ale maini kila siku ili damu iongezeke. Safari hii nimeamua kuandika, kwa sababu kliniki nina dakika kumi kwa kila mama na jambo hili haliishi kwa dakika kumi.

Aliyenifikisha hapa ni mama wa miaka 26, mimba ya wiki ya kumi, aliyekuja na mama mkwe wake. Wingi wa damu ulikuwa 9.2, na mjamzito tunataka awe na 11 kwenda juu. Kabla sijauliza chochote, mama mkwe akafungua hotipoti na kuiweka mezani kwangu. "Mwanangu, usimgombeze, anakula. Tazama." Ndani kulikuwa na maini ya ng'ombe yamekaangwa na vitunguu na hoho, bila ugali wala wali. Nikamuuliza, "Mama, haya ni ya watu wangapi?" Akajibu kwa fahari kabisa kwamba ni ya huyu binti peke yake. Robo kilo kutoka buchani kila siku, tangu mimba ilipojulikana wiki tano nyuma.

Nina mizani ya jikoni ofisini. Tulipima: gramu 180. Robo kilo mbichi ikishakaangwa hupoteza maji na kubaki karibu hapo, kwa hiyo mama alisema kweli.

Sasa hesabu. Gramu 100 za maini mabichi ya ng'ombe zina takriban mikrogramu 5,000 za vitamini A, na robo kilo ina kama 12,500. Moto haupunguzi kitu cha maana. Mjamzito anahitaji mikrogramu 770 kwa siku. Kikomo ambacho mtu mzima hashauriwi kukivuka siku hadi siku ni 3,000. Binti huyu alikuwa anakula vikomo vinne kwa mlo mmoja, siku 35 mfululizo. Juu yake alikuwa anameza vidonge vya multivitamini alivyonunua duka la dawa, navyo vina vitamini A.

Na chuma je, ambacho ndicho kilichotafutwa? Robo kilo hiyo ina miligramu 12 hivi. Mjamzito anahitaji 27 kwa siku. Kidonge cha fefo anachopewa bure kliniki kina 60. Ni kweli, na lazima niseme kweli, kwamba chuma cha nyama na maini mwili hukifyonza vizuri zaidi kuliko cha kidonge, kwa hiyo huwezi kulinganisha namba kwa namba. Lakini fefo zenyewe alikuwa ameziacha. Zilimtia kichefuchefu na choo kikawa cheusi, akaona maini yanatosha. Hapa ndipo imani hii inaponiuma zaidi: inampa mtu kitu kingi asichokipungukiwa, halafu inamwondolea kile anachokihitaji.

Watu huniambia, "Lakini daktari, vitamini si ikizidi unaikojoa?" Hiyo ni vitamini C na jamaa zake wa kundi B. Vitamini A huyeyuka kwenye mafuta. Mwili hauna mlango wa haraka wa kuitolea nje. Huiweka akiba, na ghala lake ni ini lako wewe. Hiyo ndiyo sababu ini la ng'ombe limejaa: lilikuwa ghala la ng'ombe. Ukila ini kila siku unahamisha ghala la mnyama kwenda kwenye ghala lako, na ghala lako lina ukuta. Likijaa, vitamini huanza kuzunguka kwenye damu kwa namna isiyofaa na kuchoma inakopita. Midomo hukauka na kupasuka, ngozi huchubuka, nywele hukatika, kichwa kinauma kwa sababu shinikizo ndani ya fuvu limepanda, mifupa inauma, na ini lenyewe huanza kuumia. Dalili hizi huja polepole kwa miezi, na kila moja ina sababu nyingine mia, ndiyo maana haziunganishwi na chakula. Kipimo cha kawaida cha vitamini A kwenye damu nacho kinaweza kusoma vizuri kabisa wakati ghala limefurika, maana ini hujitahidi kuishikilia damu kwenye kiwango kilekile. Mimi humuuliza mtu anakula nini kabla ya kumpeleka maabara.

Ila si kila vitamini A ni ile ile, na hili nitalikalia kidogo kwa sababu ndilo linalonichosha kuliko yote. Maini, mayai, maziwa na mafuta ya ini la samaki vina retinoli, yaani vitamini A iliyokwisha kutengenezwa. Karoti, maembe, mchicha, majani ya maboga, viazi lishe na mawese havina retinoli hata chembe. Vina karotini, ambayo ni malighafi tu. Mwili huchukua malighafi hiyo na kutengeneza vitamini A kwa kadiri inavyohitajika, na akiba ikitosha kiwanda hupunguza kazi. Mtu akila karoti kupita kiasi viganja vitageuka manjano, basi. Akipunguza, vinarudi. Kwa hiyo tafadhali, yule mama aliyeogopeshwa mitandaoni akamkataza mwanawe viazi lishe kwa hofu ya "sumu ya vitamini A", amrudishie mtoto viazi vyake. Na yule anayesema "maini ni kama karoti tu, vyote ni vitamini A", aelewe kwamba retinoli haisubiri ruhusa ya mwili. Imekuja tayari, inaingia.

Kwa mjamzito tatizo lina sura nyingine. Mwili hugeuza retinoli kuwa asidi ya retinoi, ambayo ni ishara inayoziambia seli za mtoto ziwe nini na zikae wapi: uso, masikio, moyo, ubongo. Ishara ikizidi, seli hupotea njia. Tunalijua hili kwa uhakika kutokana na dawa ya chunusi iitwayo isotretinoini, ambayo ni ndugu wa asidi hiyo na imelemaza watoto wengi tumboni. Wiki zenye hatari zaidi ni za mwanzo, kuanzia kama ya tano hadi ya kumi kwa hesabu ya kliniki, na hapo ndipo ninapokosa usingizi. Akina mama wengi tunawaona kwa mara ya kwanza mimba ikiwa na miezi minne au mitano. Wakati nimeshika kadi nikimweleza kuhusu maini, dirisha hilo limekwisha kufungwa. Ushauri huu ni wa wanaotafuta mtoto kabla ya kuwa wa wajawazito.

Sasa niseme ambalo vipeperushi havisemi. Ushahidi dhidi ya maini yenyewe ni dhaifu kuliko ushahidi dhidi ya dawa na vidonge. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 1995, uliofuatilia wajawazito zaidi ya 22,000, uliona ulemavu ukiongezeka kwa waliopata zaidi ya yuniti 10,000 za retinoli kwa siku, sawa na hizo mikrogramu 3,000, lakini waliofika huko wengi walifikishwa na vidonge. Tafiti nyingine hazikukubaliana nao. Wapo pia waliopima damu za wanawake baada ya kula maini na baada ya kumeza vidonge, wakakuta asidi ya retinoi inapanda kidogo sana kwa maini ukilinganisha na vidonge. Uingereza tangu mwaka 1990 inawaambia wajawazito waache maini kabisa. Mimi nimechagua kuwaambia waache miezi mitatu ya kwanza, na baadaye wale kidogo kidogo. Mwenzangu wa lishe akiniambia nimelegea au nimekaza, nitamsikiliza. Kitu ambacho sitakubali ni kumtisha mama aliyekula sahani moja ya maini kabla hajajua ana mimba. Sahani moja si wiki tano.

Tena hesabu zangu zina tundu. Namba za maini hutoka kwenye majedwali, na ng'ombe si jedwali. Ng'ombe mzee aliyekula majani mabichi miaka mingi ana ghala kubwa. Aliyepitishwa kiangazi kirefu kwenye nyasi kavu ameshatumia akiba yake. Vipande viwili kwenye ndoano moja buchani vinaweza kutofautiana sana na macho hayaoni.

Wanyama wala nyama ndio hukusanya zaidi ya wote. Mwaka 1973, Koobi Fora, kando ya Ziwa Turkana, Kamoya Kimeu alipata mifupa ya kiumbe wa kale, anayedhaniwa kuwa mwanamke, wa miaka milioni 1.7 hivi iliyopita. Mifupa yake imefunikwa na tabaka nene lisilo la kawaida. Wachunguzi walioandika mwaka 1982 walipendekeza kwamba alizidiwa na vitamini A kwa kula maini ya wanyama wala nyama. Wengine wamependekeza ugonjwa wa buba. Mimi huwaonyesha wanafunzi picha ya mfupa huo.

Kwa asiye mjamzito, maini ni salama? Ndiyo, na ni chakula bora sana. Gramu 100 mbichi mara moja kwa wiki ni mikrogramu 5,000. Zigawe kwa siku saba unapata kama 700 kwa siku, ambayo ndiyo mahitaji ya mwanamke asiye na mimba, karibu kamili. Mara mbili kwa wiki sina ugomvi nawe. Kila siku, hapana. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu kikomo chake ni 600 tu kwa siku, kwa hiyo kipande cha gramu 30 kinachosagwa kwenye uji kila asubuhi kinampeleka kwenye 1,500. Mpe mara moja kwa wiki, kijiko kimoja au viwili. Mwenye jongo apunguze kwa sababu zake nyingine. Na maini yaive hadi ndani.

Yule binti tulimrudisha kwenye fefo, ameze usiku baada ya chakula, asinywe chai karibu nayo, na multivitamini aiweke kando. Tukampima malaria na minyoo. Minyoo ilikuwepo, na dawa yake tukaipanga baada ya miezi mitatu ya kwanza. Wiki sita baadaye damu ilikuwa 10.4. Picha ya wiki ya ishirini haikuonyesha kasoro na mtoto amezaliwa salama, jambo ambalo nimelishukuru sana, ingawa mtoto mmoja mzima hathibitishi chochote kuhusu maini.

Mama mkwe bado ananunua robo, ila Jumamosi tu, nayo huliwa na watu sita, ambayo ni kama mikrogramu 2,000 kwa kila mmoja. Juzi alinipigia kuuliza kama siku nyingine anaweza kununua ya kuku. Nilimwambia maini ya kuku yana kama theluthi mbili ya vitamini A iliyo kwenye ya ng'ombe, kwa hiyo yahesabiwe ndani ya zamu ileile ya wiki. Firigisi anunue anavyopenda. Ile ni nyama, haina ghala.