Kinanda kinapotelea wapi kwenye spika moja?

"Nimepanua kinanda hadi kikajaa hedifoni, mbona kwenye spika moja ya duka pale Kikuubo, Kampala, hakisikiki? Spika ni mbovu, sivyo?"

Spika haina kosa. Kipanuzi cha stereo hugawa sauti ya kushoto, L, na ya kulia, R: M = (L + R) / 2 ni katikati, S = (L − R) / 2 ni pembeni, kisha huongeza S. Kushoto hutoka M + S, kulia M − S. Spika moja huzijumlisha, S zikafutana. Mwimbaji aliye katikati habadiliki; kinanda kilichogeuzwa fezi upande mmoja, yaani R = −L, hakina M kabisa, hivyo hutoweka chote. Wengi hapo huzidi kuongeza S, na haisaidii hata kidogo. Sikiliza kwa mono, yaani L na R zikiwa zimejumlishwa, kabla ya kupeleka wimbo redioni. Kinanda kikizama, weka katikati nakala yake isiyopanuliwa.